Laki mbili na sabini na mbili haikutosha: kisa cha mshahara wa mkononi na Goal Seek

Fundi alinipigia tarehe 29 jioni, hata viatu sijavua.

"Shikamoo dada. Mshahara umeingia, ila naona kama kuna mtu kajikatia."

Ujumbe wa benki ulisoma 1,099,360. Yeye na bosi walikubaliana milioni moja na laki mbili mkononi, na "mkononi" ndilo neno lililotumika, mbele ya mashahidi wawili na pampu iliyofunguliwa nusu. Ilikuwa imepungua laki moja na mia sita arobaini.

Ofisi yenyewe ni ya kuchimba visima na kutengeneza pampu, wafanyakazi saba, hapa Morogoro. Vitabu vyao nawafanyia mimi, pamoja na vya ofisi nyingine ndogo ndogo. Mwezi ule nilikuwa msibani, kwa hiyo bosi aliandaa mishahara mwenyewe. Hakumuibia mtu. Nilipofungua daftari lake nilikuta hesabu safi, imeandikwa kwa kalamu, na kila mstari peke yake ulikuwa sahihi:

```
Mkononi                      1,200,000
NSSF 10% ya 1,200,000          120,000
PAYE ya 1,080,000              152,000
Mshahara ghafi               1,472,000
```

Alianza na anachotaka kifike mkononi, akakokotoa makato ya kiasi hicho, akayarudishia juu. Ukimwangalia haraka unaona kama amefanya haki. Tatizo ni kwamba makato hayakatwi kwenye kiasi cha mkononi, yanakatwa kwenye mshahara ghafi. Ile 272,000 aliyoongeza ili kufidia makato, nayo ikakatwa.

Kiasi gani hasa kinapotea? Kwa ngazi ya mshahara huu jibu ni rahisi, na tutalihitaji mbele. Kila shilingi unayoongeza kwenye ghafi, senti 10 zinaenda NSSF. Zinabaki senti 90, na hizo ndizo zinazotozwa kodi, kwa sababu mchango wa NSSF hutolewa kabla ya PAYE. Kiasi kinachotozwa kikishapita milioni moja kwa mwezi, kiwango ni asilimia 30, na asilimia 30 ya senti 90 ni senti 27. Kwa hiyo katika kila shilingi ya nyongeza, mfanyakazi anaona senti 63. Bosi aliongeza 272,000, zikafika 171,360. Tofauti ya hizo mbili ni 100,640, ile ile aliyokuwa analalamikia fundi, haijazidi wala kupungua.

Ungeweza kusema basi arudie: aongeze tena 100,640 juu. Nazo zitakatwa, zitafika 63,403. Aongeze tena pengo lililobaki, nalo litakatwa. Kila raundi pengo linapungua bila kuisha, na mtu anayetumia kalamu anachoka kwenye raundi ya nne au ya tano, kisha anazungusha tarakimu kwa hasira. Kazi ya namna hii, ya kujua matokeo unayoyataka bila kujua uanzie na namba ipi, ndiyo Goal Seek ya Excel imewekewa.

Shiti yenyewe

Kabla ya kuigusa Goal Seek lazima hesabu iandikwe kwa kwenda mbele, kuanzia ghafi kushuka hadi mkononi, kama vile ghafi tayari unaijua. Wengi wanakwama hapa. Wanajaribu kuandika fomula inayorudi nyuma, wakati kurudi nyuma ni kazi ya programu. Wewe unaandika kwenda mbele tu:

```
B2   1472000
B3   =B2*10%
B4   =B2-B3
B5   =MAX(0,B4-270000)*8%+MAX(0,B4-520000)*12%
      +MAX(0,B4-760000)*5%+MAX(0,B4-1000000)*5%
B6   =B4-B5
```

B2 ni ghafi, B3 ni NSSF ya mfanyakazi, B4 ni kiasi kinachotozwa kodi, B5 ni PAYE, B6 ni mkononi. Fomula ya B5 nimeikata mistari miwili ili isomeke. Kwenye seli inakaa yote pamoja.

Hiyo fomula ya kodi huwashtua watu kwa sababu haifanani na jedwali la TRA. Jedwali la Tanzania Bara nililotumia ni lile ambalo ngazi yake ya kwanza ilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8 mwaka 2021: hadi 270,000 hakuna kodi, kisha asilimia 8 hadi 520,000, asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi 1,000,000, na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo. Mimi sikuandika ngazi, nimeandika mapandio kati ya ngazi. Ukipita 270,000 unaanza kulipa 8. Ukipita 520,000 unaongezewa 12 juu ya ile 8, inakuwa 20. Ukipita 760,000 unaongezewa 5, na ukipita milioni unaongezewa 5 nyingine. Jibu ni lile lile la jedwali, ila hakuna IF zilizobebana migongo, na hakuna mahali ambapo ukisahau alama moja kodi inaruka ghafla.

Kuruka ghafla ni jambo la kuogopa kwenye kazi hii. Nimewahi kukuta shiti ya ofisi nyingine ambapo mtu aliyepita milioni alitozwa asilimia 30 ya kiasi chote, siyo ya kilichozidi. Kwa shiti kama ile, anayetozwa kwenye 797,333 na anayetozwa kwenye 1,028,571 wote wanabaki na 720,000. Ukiuliza ghafi ipi inaleta 720,000 kuna majibu mawili, na Goal Seek itakuletea moja tu, lile ililokutana nalo kwanza kutokana na namba uliyoiachia mwanzoni. Haitakuambia kuna jingine, na haitakuambia kwamba kodi yenyewe imeandikwa vibaya.

Kwa hiyo kwanza nilijaribu shiti kwa namba ninayoijua. Nikaweka ghafi 1,111,111.11 ili B4 isome milioni moja. B5 ikasoma 128,000, ambacho ndicho kiasi kilichochapwa kwenye jedwali kwa ngazi ya mwisho. Nikarudisha 1,472,000 ya bosi, B6 ikasoma 1,099,360. Shiti ikakubaliana na ujumbe wa benki wa fundi. Kabla ya hapo sikuwa na haki ya kuiuliza chochote.

Kuuliza

Njia yake ni `Data`, kisha `What-If Analysis`, kisha `Goal Seek`. Kinafunguka kidirisha kidogo chenye nafasi tatu, nami nilizijaza hivi:

```
Set cell:           B6
To value:           1200000
By changing cell:   B2
```

Nafasi ya kwanza ni seli ya matokeo, na lazima iwe na fomula. Ya pili ni lengo, na hapo unaandika namba yenyewe. Ukijaribu kuielekeza kwenye seli nyingine haikubali. Ya tatu ni seli inayoruhusiwa kubadilika, na hiyo lazima iwe namba tupu iliyochapwa. Kama B2 yako ni jumla ya mshahara wa msingi na posho, inakataa, na inabidi ushuke hadi kwenye namba moja iliyochapwa kwa mkono ambayo ndiyo unataka ichezewe. Anayetumia LibreOffice ataikuta kwenye `Tools`, na nafasi zinaitwa `Formula cell`, `Target value` na `Variable cell`. Maana ni ile ile.

Nilipobonyeza OK namba zilicheza kidogo, kikaja kidirisha cha pili kinachosema `Goal Seeking with Cell B6 found a solution`, na chini yake lengo na thamani iliyofikiwa. B2 ilikuwa imekaa kwenye 1,631,746.03.

Imefikaje? Haina elimu ya kodi. Inajaribu namba, inaangalia matokeo, inajaribu nyingine, inalinganisha matokeo yamesogea kiasi gani, kisha inakisia inapaswa kuruka hadi wapi. Hata wewe unaweza kwa kalamu, kwa kutumia zile senti 63. Pengo ni 100,640. Kila shilingi ya ghafi inaziba senti 63 za pengo. Gawanya 100,640 kwa 0.63 upate 159,746.03. Jumlisha na 1,472,000, unatua pale pale. Kwa kuwa tulikuwa tayari kwenye ngazi ya asilimia 30 na tukabaki humo humo, mruko mmoja ulitosha. Ungeanzia kwenye ghafi ya laki tatu, ambako kila shilingi inafikisha zaidi ya senti 80, mruko wa kwanza ungekosea na ungelazimika kurekebisha njiani. Goal Seek hurekebisha hivyo hivyo hadi ikaribie lengo kiasi cha kuridhika, au ichoke.

Kuridhika na kuchoka vyote vina kipimo, na vinakaa `File`, `Options`, `Formulas`: `Maximum Iterations` ni 100 na `Maximum Change` ni 0.001 kama hakuna aliyevigusa. Kwa shilingi, kukosea kwa 0.001 ni bure kabisa. Ila ungekuwa unatafuta asilimia, tuseme unataka mkononi iwe asilimia 75 ya ghafi, basi lengo ni 0.75, na 0.001 hapo ni sehemu nono ya jibu. Unaweza kuletewa namba ya hovyo huku imeandikwa kwamba suluhisho limepatikana. Dawa yake ni kutouliza kwa asilimia. Geuza swali liwe la shilingi, au zidisha seli ya matokeo kwa milioni moja kisha uulize.

Jibu la kwanza halikuwa hilo

Hapa nikiri kitu. Nilivyosimulia inaonekana nilibonyeza mara moja nikapata. Kwa kweli mara ya kwanza nilitumia shiti yao ya zamani, na jibu lililokuja lilikuwa 1,631,100.

Si mbali na la kweli. Ningeweza kulichukua nikaenda zangu. Kilichonishtua ni kwamba nilipoipandisha B2 kwa shilingi mia moja, B6 haikutikisika. Nikaongeza mia mbili, bado 1,200,000. Kwa kodi yetu, shilingi mia za ghafi lazima zilete 63 mkononi. Seli ya matokeo isiyosikia mabadiliko ya pembejeo yake ina kitu kimeizuia.

Nikabonyeza juu ya B6 nikasoma:

```
=ROUND(B4-B5,-3)
```

Zamani ofisi ile ililipa kwa fedha taslimu kwenye bahasha, na mtu fulani aliona sarafu ni usumbufu, akazungusha mshahara wa mkononi kwenye elfu iliyo karibu. Taslimu ikaisha, mishahara ikahamia benki, ila ROUND ikabaki imelala mle ndani kama msumari kwenye mbao.

Fikiria B6 ya namna hiyo kama ngazi za nyumba badala ya mteremko. Ghafi yoyote kuanzia takriban 1,630,953 hadi 1,632,539 inaonyesha 1,200,000 kamili. Goal Seek ikikanyaga popote kwenye kipande hicho inasimama kwa furaha, kwa sababu ilichoambiwa kutafuta kipo mbele ya macho yake. Ilisimama kwenye 1,631,100, ambako mkononi halisi ni 1,199,593. Shilingi 407 pungufu. Kwa fundi ambaye ameshapunjwa mara moja, hata hizo 407 zingekuwa maneno.

Na hapo tulibahatika, maana lengo letu lilikuwa namba ya elfu kamili. Lingekuwa 1,200,300, B6 isingeweza kuionyesha kamwe, kwa ghafi yoyote ile. Ingepanda na kushuka hadi ichoke, kisha iseme `may not have found a solution`. Watu wakiona maneno hayo hudhani wameandika vibaya kwenye kidirisha, wanafunga na kufungua, wanabadilisha kompyuta. Mimi siku hizi nikiyaona naenda moja kwa moja kwenye fomula za katikati kutafuta ROUND, INT au IF inayokata vipande. Ukiikuta, iondoe kwenye njia ya hesabu. Mzunguko unafanywa mwishoni kabisa, kwenye seli nyingine ya kuonyesha tu, au kwa mpangilio wa namba ambao hauigusi thamani.

Nilifuta ROUND, nikauliza tena, ndipo ikaja 1,631,746.03. Kisha nikahakikisha kwa mkono, kwa sababu mwisho wa siku jina kwenye orodha ya mishahara ni langu:

```
Ghafi                  1,631,746.03
NSSF 10%                 163,174.60
Kinachotozwa kodi      1,468,571.43
PAYE                     268,571.43
Mkononi                1,200,000.00
```

Kwenye mkataba sikuandika senti tatu. Niliandika ghafi ya 1,631,750, ambayo inafikisha 1,200,002.50 mkononi. Ukizungusha ghafi, zungusha kwenda juu. Shilingi mbili za ziada hazijawahi kumpeleka mtu kwa afisa kazi.

Bosi anauliza swali lake

Asubuhi nikampelekea. Alikaa akaitazama ile namba muda mrefu.

"Mama, sasa mimi inanitoka ngapi?"

Swali zuri, na alipaswa kuliuliza pale kwenye pampu. Juu ya ghafi, mwajiri anaongeza NSSF yake mwenyewe asilimia 10 na asilimia 0.5 ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Tozo ya ufundi stadi haimhusu kwa sababu ana watu saba, na inaanzia wafanyakazi kumi. Nikaongeza seli moja:

```
B8   =B2*110.5%
```

Ikasoma 1,803,079. Kwa hesabu ya daftari lake alikuwa amejiandaa kwa 1,626,560. Tofauti ni zaidi ya 176,000 kila mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na yote ilizaliwa na neno moja, "mkononi", lililosemwa bila kikokotoo.

Akasema kama angejua asingevuka milioni moja na laki saba kwa gharama yote. Basi, hilo nalo ni swali la Goal Seek, na hapa ndipo napoipendea: shiti haibadiliki, kinachobadilika ni seli unayoielekezea kidole. `Set cell` ikawa B8, lengo 1700000, ya kubadilika ni B2 ile ile. Ghafi ikashuka hadi 1,538,462 na B6 ikasoma 1,141,231. Kwa hiyo mbele ya fundi angeweza kusema milioni moja na laki moja na arobaini mkononi, akawa ndani ya bajeti yake. Alitingisha kichwa. Ahadi ilikuwa imeshatoka.

Tahadhari moja ya kiutendaji, maana imeniuma siku ile ile. Kila ukibonyeza OK, B2 inaandikwa upya. Nilipojibu swali la bosi, ile 1,631,746.03 ya fundi ilifutika kwenye shiti. `Cancel` inarudisha ilivyokuwa, na `Ctrl+Z` pia, lakini ukishapiga maswali matatu mfululizo huwezi kukumbuka ulikuwa wapi. Sasa kila jibu nalinakili pembeni kama namba, na tarehe. Tena jibu la Goal Seek halifuati shiti. Serikali ikibadilisha viwango vya kodi nikarekebisha B5, B6 itasogea ila B2 itabaki imekaa na ghafi ya viwango vya zamani. Hakuna taa itakayowaka. Anayelipa watu kwa makubaliano ya mkononi lazima aulize upya kila viwango vinapobadilika, na bajeti ya serikali huanza Julai, kwa hiyo Julai mimi nauliza.

Mkopo wa chuo

Nilidhani tumemaliza. Fundi akaja ofisini kusaini, akatoa barua aliyokuwa ameikunja mfukoni. Bodi ya Mikopo. Alisoma diploma akaenda digrii kwa mkopo, na mwajiri anatakiwa kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kwake hakukuwa na posho, msingi na ghafi ni kitu kimoja. Makato hayo hayapunguzi kodi. Yanatoka baada ya PAYE. Kwa hiyo ile shilingi ya nyongeza iliyokuwa inafikisha senti 63 sasa inafikisha 48. Nikaweka mstari wa mkopo, nikautoa kwenye B6, nikauliza tena lengo lile lile la 1,200,000. Ilijibu bila kusita: 2,141,667.

Jibu ni sahihi. Ukikata NSSF 214,167, PAYE 406,250 na mkopo 321,250, inabaki milioni moja na laki mbili. Na ni jibu ambalo sikumpelekea bosi kama pendekezo. Goal Seek haijui deni ni la nani. Ukiiambia mkononi lazima ibaki pale pale, itaongeza ghafi hadi mwajiri amlipie mfanyakazi mkopo wake wa chuo, na kodi ya fedha hizo za kulipia mkopo, na NSSF ya kodi hiyo. Zaidi ya laki tano za ghafi kila mwezi, ili deni la 321,250 lilipwe. Uamuzi wa kipi kihesabiwe juu ya mstari wa B6 na kipi chini yake ni wa watu waliokubaliana, na ulipaswa kusemwa kabla mtu hajafungua kompyuta.

Niliwakalisha wote wawili. Fundi hakubishana. Alisema alipotaja mkononi alimaanisha baada ya kodi na mfuko, mkopo ni wake. Tukaandika hivyo kwenye mkataba kwa maneno: mshahara ghafi ni 1,631,750, na makato ya madeni binafsi ya mfanyakazi yanatoka humo. Mkopo ukaenda chini ya B6, hesabu ikabaki kama ilivyokuwa. Akikatwa asilimia 15 anabaki na 955,240, na aliijua namba hiyo kabla ya kusaini.

Zikabaki zile 100,640 za mwezi uliopita, kabla ya barua ya mkopo. Bosi alitaka kuzitoa mfukoni, taslimu, yaishe. Nikamwambia hizo nazo ni mshahara. Zikipita pembeni hazina NSSF wala PAYE, na siku ya ukaguzi zitanitafuta mimi. Ziingie kwenye mshahara wa mwezi unaofuata. Akafungua daftari, akaandika 1,631,750 kujumlisha 100,640, akaniangalia kuona kama nitakubali.

Sikusema kitu. Alitazama alichoandika, akakata mstari juu yake, akasogeza kompyuta upande wake. Nikamwonyesha nafasi ya lengo, akaandika 1300640 kwa kidole kimoja. B2 ikatua kwenye 1,791,492.06. Akachukua kalamu akatoa 1,631,746.03, ikabaki 159,746.03.

"Ndiyo ile," akasema.

Ndiyo ile. Tarehe 28 ya mwezi uliofuata ujumbe wa benki wa fundi uliingia, mkopo ukiwa umeshakatwa, na sikupigiwa simu.